Mshahara wa Mwezi Mbele ya Bei: Mfumuko wa Bei na Uwezo wa Kununua wa Mfanyakazi wa Tanzania, 1978–1991

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maana ya mfumuko wa bei kwa kutumia historia ya kima cha chini cha mshahara nchini Tanzania tangu mwisho wa miaka ya 1970 hadi Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Hoja kuu ni kwamba kiwango cha mfumuko wa bei kinachochapishwa katika majedwali hakitoshi chenyewe kueleza mshahara ulinunua nini. Katika kipindi cha udhibiti wa bei, sehemu ya mfumuko ilijificha katika foleni na katika kukosekana kwa bidhaa. Baada ya biashara kulegezwa mwaka 1984, sehemu hiyo ilijitokeza waziwazi katika bei. Makala yanaonesha kuwa nyongeza za mshahara, hata zilipoonekana kubwa, ziliishia kumrudisha mfanyakazi alipokuwa mwaka uliotangulia, na kwamba hali hiyo iliuondolea mshahara mmoja hadhi ya kuwa msingi wa maisha, kinyume na dhana iliyobebwa na masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha.

1. Utangulizi

Historia ya uchumi wa Tanzania katika miaka ya 1980 imeandikwa mara nyingi kama historia ya sera: mvutano wa serikali na Shirika la Fedha la Kimataifa, kushuka kwa thamani ya shilingi, na hatimaye Mpango wa Kufufua Uchumi wa mwaka 1986. Mtazamo huo una haki yake, lakini unamwacha nje mtu mmoja ambaye sera zote hizo zilimfikia kwa njia moja tu, yaani bahasha ya mshahara mwishoni mwa mwezi. Mtu huyo ni mfanyakazi wa kuajiriwa wa kima cha chini: tarishi wa ofisi, mlinzi, mfagizi wa hospitali, kibarua wa kiwanda cha nguo. Kwake yeye, swali halikuwa shilingi ngapi zimo katika bahasha. Lilikuwa ni vitu gani vitatoka dukani zitakapokwisha.

Makala haya yanafuata swali hilo. Yanaanza kwa kufafanua dhana, kisha yanaeleza chanzo cha mfumuko wa bei wa kipindi husika, yanapiga hesabu ya mshahara halisi kati ya mwaka 1981 na 1985, na baadaye yanaeleza ni kitu gani hesabu hiyo haikioneshi. Sehemu ya mwisho inajadili athari ya kupungua kwa mshahara katika mfumo wa kisiasa uliojengwa juu ya dhana kwamba mtumishi wa umma ataishi kwa mshahara wake.

2. Mfumuko wa bei na mshahara halisi

Mfumuko wa bei ni kupanda kwa bei za bidhaa na huduma kwa ujumla na kwa mfululizo. Maneno mawili katika fasili hii yanahitaji kukaziwa. Neno la kwanza ni "kwa ujumla". Bei ya mahindi ikipanda kwa sababu mvua zimekosekana huku bei nyingine zimetulia, huo ni upungufu wa mahindi, si mfumuko wa bei. Neno la pili ni "mfululizo". Bei zikipanda mara moja na kutulia hapo, mfanyakazi hupata hasara ya mara moja. Zikiendelea kupanda kila mwezi, hasara yake hujirudia na kujilimbikiza.

Kupanda huko hupimwa kwa fahirisi ya bei. Wataalamu wa takwimu huchagua kapu la bidhaa ambazo kaya hununua, kama vile unga, sukari, mafuta ya taa, nguo, kodi ya nyumba na nauli, kisha hulipa kila bidhaa uzito kulingana na sehemu yake katika matumizi ya kaya. Gharama ya kapu hilo katika mwaka wa msingi huhesabiwa kuwa 100. Kapu lile lile likigharimu 129 mwaka unaofuata, inasemekana kwamba mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 29.

Hapo ndipo mshahara hugawanyika kuwa vitu viwili. Mshahara wa taslimu ni idadi ya shilingi zilizoandikwa katika hati ya malipo. Mshahara halisi ni idadi ya vitu ambavyo shilingi hizo zinaweza kununua. Wa pili hupatikana kwa kugawanya wa kwanza kwa fahirisi ya bei, kisha kuzidisha kwa 100. Hesabu ni nyepesi, lakini inaficha tofauti ya mwendo. Bei hubadilika kila siku, kwa uamuzi wa wauzaji na wanunuzi wengi. Mshahara hubadilika kwa vipindi, kwa uamuzi wa mwajiri au serikali. Katika pengo la muda kati ya nyongeza moja na nyingine, mshahara halisi hupungua kimyakimya ingawa hakuna aliyeupunguza.

Nchini Tanzania pengo hilo lilikuwa pana kwa sababu za kitaasisi. Kima cha chini kilitangazwa na serikali, na serikali yenyewe ndiyo iliyokuwa mwajiri mkubwa kupitia wizara na mashirika ya umma. Chama cha wafanyakazi, ambacho tangu mwaka 1978 kilikuwa JUWATA, kilikuwa jumuiya ya chama tawala na hakikuwa na nguvu ya kuitisha mgomo ili kudai mshahara uende sambamba na bei. Kima cha chini cha mjini kilichowekwa mwaka 1975, shilingi 380 kwa mwezi, kilidumu hadi mwaka 1980 kilipofikishwa shilingi 480. Mwaka 1981 kilipanda hadi shilingi 600, kikabaki hapo hadi katikati ya mwaka 1984.

3. Chanzo cha kupanda kwa bei

Kati ya mwaka 1977 na 1979, uchumi wa Tanzania ulipigwa na mambo kadhaa yaliyofuatana kwa karibu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na nchi ikalazimika kugharimia upya huduma zilizokuwa za pamoja, zikiwemo reli, bandari, posta na ndege. Bei ya kahawa katika soko la dunia, iliyokuwa imepanda sana, ilianza kushuka. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na vita vilivyofuata viliendelea hadi mwaka 1979. Mwaka huo huo bei ya mafuta duniani ilipanda kwa mara ya pili katika muongo mmoja.

Mambo hayo yalifanya kazi kwa njia mbili zilizokutana katika bei. Kwa upande wa bidhaa, fedha za kigeni zilipungua, na viwanda vilivyotegemea vipuri na malighafi kutoka nje vikazalisha sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Kiwanda cha nguo kilikuwa na mashine, wafanyakazi na pamba, lakini kikakosa rangi au kipuri kimoja cha mashine. Kwa upande wa fedha, matumizi ya serikali yalizidi mapato yake, na sehemu ya pengo hilo ikajazwa kwa kukopa Benki Kuu. Mashirika ya umma yaliyopata hasara nayo yalikopa katika benki ya biashara ya taifa. Shilingi ziliongezeka mikononi mwa watu huku vitenge, sabuni na sukari zikipungua madukani. Fedha nyingi zilipokimbiza vitu vichache, bei hazikuwa na pa kwenda ila juu.

Takwimu za fahirisi ya bei zinaonesha mgeuko huo waziwazi. Mfumuko wa bei ulikuwa karibu asilimia 13 mwaka 1979. Mwaka 1980 ulifika asilimia 30, na kwa muongo mzima uliofuata haukushuka chini ya asilimia 25 kwa mwaka.

4. Hesabu ya mshahara, 1981–1985

Ili kuona maana ya viwango hivyo, inafaa kumfuata mfanyakazi mmoja wa kima cha chini tangu mwaka 1981, alipoanza kupokea shilingi 600. Mwaka huo unachukuliwa kuwa mwaka wa msingi. Mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 28.9 mwaka 1982, asilimia 27.1 mwaka 1983, asilimia 36.1 mwaka 1984, na asilimia 33.3 mwaka 1985.

Mwaka 1982 fahirisi ilifika 129. Shilingi 600 zilizopokelewa mwaka huo zilinunua kile ambacho mwaka 1981 kingenunuliwa kwa shilingi 465. Mwaka 1983 fahirisi ilifika 164, na shilingi zile zile 600 zikawa sawa na shilingi 366 za mwaka 1981. Katika miaka miwili, bila tarakimu moja ya hati ya malipo kubadilika, takriban sehemu mbili kwa tano za mshahara, yaani asilimia 39, zilikuwa zimepotea.

Katikati ya mwaka 1984 kima cha chini kilipandishwa kutoka shilingi 600 hadi 810. Nyongeza hiyo ilikuwa asilimia 35, na kwa kuitazama peke yake ilikuwa kubwa. Lakini mwaka huo bei zilipanda kwa asilimia 36, na fahirisi ikafika 223. Shilingi 810 zikigawanywa kwa fahirisi hiyo hutoa shilingi 363 za mwaka 1981. Kwa maneno mengine, nyongeza ya asilimia 35 haikumwinua mfanyakazi. Ilimrudisha pale alipokuwa mwaka 1983, pungufu ya shilingi tatu. Na hata hesabu hii inampendelea, kwa kuwa inamchukulia kana kwamba alipokea shilingi 810 mwaka mzima, wakati katika nusu ya kwanza ya mwaka alikuwa bado analipwa 600.

Mwaka 1985 haukuwa na nyongeza. Fahirisi ilifika 297, na shilingi 810 zikawa sawa na shilingi 273 za mwaka 1981. Ili mfanyakazi aweze kununua mwaka 1985 kile alichonunua mwaka 1981, alihitaji kulipwa zaidi kidogo ya shilingi 1,780 kwa mwezi. Alilipwa chini ya nusu ya kiasi hicho.

Hesabu hii inatoa funzo linalopotea mara nyingi katika mijadala ya nyongeza za mishahara. Nyongeza haipaswi kulinganishwa na mfumuko wa bei wa mwaka inapotolewa pekee, bali na mfumuko uliolimbikizana tangu nyongeza iliyotangulia. Kati ya mwaka 1981 na 1984 bei zilikuwa zimepanda kwa asilimia 123. Dhidi ya asilimia hiyo, nyongeza ya asilimia 35 ilifidia kidogo zaidi ya robo.

Waliokuwa juu ya kima cha chini hawakusalimika. Sera ya kupunguza tofauti za kipato iliyotokana na Azimio la Arusha ilifanya mishahara ya ngazi za juu iongezwe kwa asilimia ndogo kuliko ya ngazi za chini, na kodi ya mapato yenye viwango vya kupanda ikachukua sehemu ya kile kilichoongezwa. Hivyo daktari, mhadhiri na mhandisi walipoteza sehemu kubwa zaidi ya mshahara halisi kuliko mfagizi, ingawa mfagizi ndiye aliyefikia haraka zaidi mpaka wa njaa. Aili Mari Tripp, katika utafiti wake wa mwaka 1997 kuhusu uchumi usio rasmi wa Dar es Salaam, anaeleza kuwa mishahara halisi nchini ilishuka kwa asilimia 83 kati ya mwaka 1974 na 1988.

5. Mfumuko uliojificha katika foleni

Hesabu iliyotangulia inachukulia kwamba mwenye shilingi aliweza kununua. Kwa Tanzania ya mwanzo wa miaka ya 1980, dhana hiyo haiwezi kupokelewa bila swali. Tangu mwaka 1973 bei za bidhaa nyingi ziliwekwa na Tume ya Taifa ya Bei. Bidhaa muhimu zilisambazwa na mashirika ya umma: unga ulitoka katika Shirika la Taifa la Usagishaji, na bidhaa za viwandani zilipitia kampuni za biashara za mikoa hadi katika maduka ya ushirika. Bei rasmi ilibandikwa ukutani. Kilichokosekana kilikuwa bidhaa yenyewe.

Bei inapozuiwa isipande wakati bidhaa ni haba, uhaba hauondoki. Hutafuta njia nyingine ya kuchagua nani apate na nani akose. Njia ya kwanza ilikuwa muda: anayepata ni yule aliyefika alfajiri na kusimama. Njia ya pili ilikuwa kujuana: anayepata ni yule aliye karibu na mwenye kibali au muuza duka. Njia ya tatu ilikuwa bei ya kuruka, yaani bei ya walanguzi, ambayo ililipwa nyuma ya duka au sokoni kwa bidhaa zile zile zilizopaswa kuuzwa kwa bei rasmi. Njia zote tatu zilikuwa gharama kwa mwenye mshahara, lakini ni ya tatu tu ambayo ingeweza kuandikwa kwa shilingi.

Mfano wa kukadiria utasaidia. Chukua kaya inayohitaji vipande vinne vya sabuni kwa mwezi, na bei ya walanguzi iwe mara tatu ya bei rasmi. Kaya ikifanikiwa kupata kipande kimoja dukani na kununua vitatu kwa walanguzi, italipa jumla ya kiasi sawa na bei rasmi mara kumi kwa vipande vinne. Wastani wa kila kipande ni mara mbili na nusu ya bei iliyobandikwa. Mkusanyaji wa takwimu anayeandika bei ya ukutani ataripoti kuwa sabuni haijapanda hata senti moja, na atakuwa amesema kweli kuhusu ukuta. Kuhusu mshahara, atakuwa hajasema lolote.

Kwa sababu hiyo mtafiti anayetumia fahirisi ya bei ya kipindi cha udhibiti hana budi kuuliza kwanza ni bei ipi iliyoandikwa. Kadiri fahirisi inavyoegemea bei rasmi, ndivyo inavyopunguza ukubwa wa mfumuko katika miaka ya uhaba, na ndivyo itakavyoutia chumvi mfumuko wa miaka ya kulegeza, kwa sababu bei iliyokuwa imelipwa tayari gizani itaonekana kama imepanda siku ilipotoka nje.

Serikali iliutambua uhaba huo lakini iliusoma kwanza kama tatizo la maadili. Machi 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Bidhaa zilizofichwa zilikamatwa, na sheria maalumu ikatungwa kuwashughulikia washukiwa. Walanguzi kweli walikuwepo, na baadhi walijilimbikizia mali kutokana na taabu ya wengine. Hata hivyo ulanguzi ulikuwa zao la pengo kati ya bei rasmi na uhaba. Ghala lililofunguliwa liliweza kuuza kilichokuwa ndani yake mara moja tu. Halikuweza kuzalisha sabuni ya mwezi uliofuata. Wafanyabiashara walipoogopa kuonekana na mali, bidhaa nyingi zilizidi kuadimika, na mfanyakazi ambaye kampeni ilikusudiwa kumlinda akakuta shilingi zake zina mahali pachache zaidi pa kutumika.

6. Kutoka foleni hadi bei: 1984–1986

Bajeti ya mwaka 1984 ndiyo iliyobadilisha sura ya tatizo. Thamani ya shilingi ilishushwa kutoka 12 hadi 17 kwa dola moja ya Marekani. Ruzuku ya unga wa sembe iliondolewa, na bei yake rasmi ikapanda kwa kiasi kikubwa. Waliokuwa na fedha za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa chanzo cha fedha hizo. Kima cha chini kikapandishwa hadi shilingi 810, kikiwa kimekusudiwa kufidia kupanda kwa bei ya unga.

Katika muda mfupi bidhaa zilirudi. Vitambaa, betri, mafuta ya kula na sabuni vilionekana tena katika maduka ya Kariakoo na ya miji ya mikoani. Foleni zilifupika. Lakini bei zilizoandikwa sasa zilikuwa zile ambazo zamani zilinong'onwa. Mfanyakazi aliyekuwa na shilingi bila kuwa na bidhaa alijikuta mbele ya bidhaa bila kuwa na shilingi. Hali yake halisi haikuwa lazima iwe imezorota kwa kadiri bei zilivyoonesha, kwa maana hata awali hakuwa akipata vitu hivyo kwa bei ya ukutani. Kilichozorota bila shaka ni nafasi ya yule ambaye, kwa subira ya foleni au kwa mgawo wa kazini, alikuwa akipata unga kwa bei rasmi. Kwake ruzuku ilikuwa sehemu ya mshahara ambayo haikuandikwa katika hati ya malipo, na ilipoondolewa alipunguziwa mshahara.

Ushahidi kwamba bei za mitaani zilikuwa zimekwisha kutangulia unapatikana mwaka 1986. Baada ya Ali Hassan Mwinyi kuchukua urais Novemba 1985, serikali ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa na kushusha thamani ya shilingi kutoka takriban 17 hadi 40 kwa dola, na kabla ya mwaka kwisha dola moja ilikuwa imezidi shilingi 50. Mtu angetarajia mfumuko wa bei uruke. Haukuruka. Ulikuwa asilimia 33 mwaka 1985 na asilimia 32 mwaka 1986. Maelezo yanayokubaliana zaidi na takwimu hizo ni kwamba bidhaa nyingi za kutoka nje zilikuwa zikiuzwa kwa bei iliyofuata thamani ya dola katika soko la magendo. Hivyo, tangazo la Benki Kuu liliifuata bei ya mitaani badala ya kuitangulia.

7. Mshahara mmoja na masharti ya uongozi

Kupungua kwa mshahara halisi kwa kiwango kilichooneshwa hapo juu kunaleta swali la kihistoria: watu waliishije? Mshahara uliopungua kwa zaidi ya nusu katika miaka minne hauwezi kulisha kaya ile ile kwa namna ile ile. Jibu linalotolewa na tafiti za kipindi hicho, zikiwemo za Maliyamkono na Bagachwa mwaka 1990 kuhusu uchumi wa pili, ni kwamba kaya nyingi za mjini ziliacha kuishi kwa mshahara. Wanawake walipika maandazi na vitumbua, walishona nguo na kuuza mkaa. Maofisa walifuga kuku na ng'ombe wa maziwa katika viwanja vya nyumba za serikali. Walimu walifundisha masomo ya ziada kwa malipo. Wengi walirudi kulima, na gunia la mpunga kutoka kijijini likawa sehemu ya bajeti ya mjini.

Kazi ya ajira haikuachwa, kwa sababu ilikuwa na thamani isiyokuwa katika bahasha: nyumba, usafiri, matibabu, mgawo wa bidhaa, na mara nyingine nafasi ya kudai chochote kwa huduma iliyopaswa kuwa ya bure. Ila saa za kazi zilifupika, kwa kuwa muda wa mfanyakazi ulikuwa na bei ya juu zaidi nje ya ofisi kuliko ndani yake. Utoro na uzembe uliolaumiwa na viongozi wa wakati huo ulikuwa, kwa sehemu kubwa, mshahara halisi ukijionesha kwa namna nyingine. Serikali iliyolipa pungufu kwa zaidi ya nusu iliweza kutegemea kazi pungufu.

Jambo hili liligongana uso kwa uso na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Masharti yake ya uongozi yalimkataza kiongozi, na kiongozi alifasiriwa kujumuisha watumishi wa serikali wa ngazi za kati na juu, asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili au zaidi, wala asipangishe nyumba. Katazo hilo lilikuwa na sharti lisiloandikwa: kwamba mshahara mmoja unatosha. Mwaka 1967 sharti hilo lilikuwa na ukweli kwa mtumishi wa ngazi ya kati. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 lilikuwa limekwisha kufutwa, si na kikao chochote, bali na fahirisi ya bei. Aliyefuata masharti kikamilifu hakuweza kulisha watoto, na aliyelisha watoto alikuwa ameyavunja.

Mkanganyiko huo ulionekana wazi katika Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, iliyotaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika na ikawalenga wale walioitwa wazururaji wa mijini. Wachuuzi walikamatwa na kuondolewa mitaani, wakati ambapo uchuuzi ndio uliokuwa ukijaza pengo kati ya mshahara na gharama ya maisha, hata katika kaya za watumishi wa serikali yenyewe. Baadaye wachuuzi wengi walipewa leseni, na shughuli zao zikavumiliwa.

Hatimaye sheria iliifuata hali. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya Chama Cha Mapinduzi, ikikutana Zanzibar, iliyalegeza masharti ya uongozi na kuwaruhusu wanachama kuwa na hisa, kupangisha nyumba na kupata kipato zaidi ya kimoja. Uamuzi huo umejadiliwa zaidi kama mgeuko wa itikadi, na wapo wanaouona kama usaliti. Mtazamo wa makala haya hauondoi mjadala huo, lakini unaongeza sababu iliyo karibu zaidi na meza ya chakula: masharti yaliyotegemea mshahara hayakuweza kudumu mshahara wenyewe ulipokuwa umepoteza kazi yake.

8. Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha kwamba swali "mshahara ulinunua nini" linahitaji majibu matatu kwa pamoja: shilingi ngapi zililipwa, bei ipi ililipwa kweli, na bidhaa ipi ilipatikana. Anayetumia jibu la kwanza pekee ataona nyongeza ya asilimia 35 na kuisifu. Anayetumia la pili atagundua kwamba nyongeza hiyo ilimrudisha mfanyakazi mwaka mmoja nyuma. Anayeongeza la tatu ataelewa kwa nini miaka ya foleni na miaka ya bei kubwa ilikuwa sura mbili za upungufu mmoja.

Iko tanbihi moja ya mwisho kuhusu wakati. Mfumuko wa bei nchini Tanzania ulishuka chini ya asilimia 10 mwaka 1999, baada ya serikali kupunguza kukopa Benki Kuu katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Kushuka huko hakukumaanisha kwamba bei zilirudi chini. Kulimaanisha kwamba ziliendelea kupanda, ila polepole zaidi, kutoka katika kilele zilichokuwa zimefikia. Mshahara halisi uliopotea haurudishwi na utulivu wa bei. Hurudishwa tu na mishahara inayopanda haraka kuliko bei kwa miaka mingi mfululizo, na hesabu ya miaka 1981 hadi 1985 inaonesha jinsi safari ya kushuka ilivyo fupi ikilinganishwa na hiyo ya kupanda tena.